Hitilafu ya kukwama: utumie mlinganyo, njia ya D au PODEM?

Kila muhula hapa Kisumu wanafunzi wangu wa jioni hukwama mahali pamoja. Wameelewa kwamba waya ndani ya sakiti unaweza kuganda kwenye 0 au kwenye 1, na wameelewa kwamba kazi yao ni kutafuta mpangilio wa maingizo utakaoifanya sakiti mbovu itoe jibu tofauti na sakiti nzima. Kisha huniuliza, "Mwalimu, sasa nitafute vipi? Mbinu ni tatu na mtihani ni mmoja." Wiki iliyopita fundi mmoja wa Nakuru alinipigia simu na swali lilo hilo, ila yeye hakuwa na mtihani. Alikuwa na bodi mezani.

Nitazilinganisha mbinu hizo tatu kwa sakiti moja tu, ndogo ya kuchorwa kwenye nusu ukurasa, lakini yenye mitego yote muhimu.

Vigezo nitakavyotumia

Kila mbinu nitaiuliza maswali manne. La kwanza, ina kazi kiasi gani kwa mtu mwenye kalamu na karatasi? La pili, inakupa mpangilio mmoja au mipangilio yote inayofichua hitilafu? La tatu, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, pale ambapo hakuna mpangilio wowote unaoweza kuifichua hitilafu, mbinu itakuambia hivyo kwa uhakika au itakuacha ukihangaika? La nne, sakiti ikikua kutoka mageti saba hadi maelfu, mbinu inasimama au inaanguka?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusijaribu mipangilio yote tukamaliza. Kwa maingizo 4 jaribu tu, ni mipangilio 16. Lakini c6288, sakiti ya kuzidisha iliyo kwenye mkusanyiko wa majaribio wa ISCAS wa mwaka 1985, ina maingizo 32, yaani mipangilio zaidi ya bilioni 4. Ukijaribu milioni moja kwa sekunde utamaliza baada ya saa moja na dakika kumi na kitu. Kwa maingizo 64, kwa kasi ile ile, utahitaji zaidi ya miaka laki tano.

Sakiti yetu

Bodi hii nimeichora upya kutoka ile iliyoletwa mezani kwangu na mkulima wa upande wa Ahero. Inaamua kama pampu iwake. Ina maingizo manne. `s` ni swichi ya kuchagua: 1 maana yake pampu ifuate boya la tangi, 0 maana yake ifuate swichi ya mkono. `x` ni boya, nalo hutoa 1 tangi likipungua. `y` ni swichi ya mkono. `w` hutoa 1 kisima kikiwa na maji, ili pampu isizunguke kavu.

```
n  = s'
g  = s · x
h  = n · y
k  = x · y
m1 = g + h
m  = m1 + k
P  = m · w
```

Alama ya nukta ni NA, ya kujumlisha ni AU, na `'` ni kugeuza. Mageti manne ya NA yanaenea kwenye chipu moja ya 7408, mawili ya AU kwenye 7432, na kigeuzi kimoja kinatoka 7404. Chipu tatu, basi.

Ukitazama haraka, geti `k` halina kazi. Ikiwa `x` na `y` zote ni 1, basi ama `g` ama `h` itakuwa 1 tayari, hivyo `m` ni 1 hata `k` isingekuwepo. Liliwekwa kwa sababu nyingine. `s` inapotoka 1 kwenda 0 huku `x` na `y` zikiwa 1, `g` inashuka mara moja lakini `h` inapanda ikiwa imechelewa, kwa kuwa mawimbi yake hupitia kigeuzi kwanza. Kwa nanosekunde kama kumi hivi zote mbili ni 0. Kontakta ya pampu haitasikia pengo fupi namna hiyo, lakini bodi hii ilikuwa pia na kihesabu cha kuhesabu pampu imewashwa mara ngapi, nacho kinaweza kulisikia. `k` inaziba pengo hilo.

Ukihesabu kila waya, pamoja na matawi pale `s`, `x` na `y` zinapogawanyika, utapata mahali 17. Kila mahali panaweza kukwama kwenye 0 au kwenye 1, kwa hiyo hitilafu ni 34, tukichukulia kwamba hutokea moja kwa wakati mmoja. Tutazifuata mbili: `g` imekwama kwenye 0, na `k` imekwama kwenye 0.

Mbinu ya kwanza: mlinganyo wa tofauti

Andika tokeo la sakiti nzima, andika tokeo la sakiti mbovu, kisha uliza lini yanatofautiana. Kwa `g` iliyokwama kwenye 0:

```
nzima:  w(sx + s'y + xy)
mbovu:  w(s'y + xy)
```

Haya mawili yanatofautiana pale tu `w` ni 1, `sx` ni 1, na sehemu iliyobaki, `s'y + xy`, ni 0. Ukiweka `s` na `x` kuwa 1, sehemu iliyobaki inakuwa `y` peke yake. Jibu ni `w · s · x · y'`. Kwa maneno mengine, swichi iwe kwenye boya, tangi liwe limepungua, swichi ya mkono izimwe, na kisima kiwe na maji. Bodi nzima itawasha pampu, bodi mbovu haitawasha. Na hakuna mpangilio mwingine, kwa maana mlinganyo umetoa kila kilichopo.

Sasa `k` iliyokwama kwenye 0. Tofauti inataka `w`, na `xy`, na `(sx + s'y)` iwe 0. Weka `x` na `y` kuwa 1, na kilicho ndani ya mabano kinakuwa `s + s'`, ambacho ni 1 daima. Hakiwezi kuwa 0. Mlinganyo wote ni 0, kwa hiyo hakuna mpangilio wa kuifichua.

Hapo ndipo mbinu hii inapopendeza. Inakupa mipangilio yote kwa mpigo, na ikisema hakuna, imethibitisha, haikukata tamaa. Kazi yake ya mkono ni ya aljebra, na wanaoipenda aljebra huimaliza kwa mistari mitano. Kosa ninaloliona sana ni mtu kurahisisha sakiti kabla hajaingiza hitilafu. Akishaandika `sx + s'y` kwa sababu "`xy` ni ya ziada", geti `k` limetoweka kwenye karatasi yake na hawezi tena kuuliza habari zake. Weka hitilafu kwanza, rahisisha baadaye.

Udhaifu wake ni ukubwa. Mlinganyo wa sakiti hauongezeki polepole kadiri mageti yanavyoongezeka. Ile c6288 ina mageti 2406, na sakiti za kuzidisha zinajulikana kwa kuilipua hata michoro ya maamuzi ambayo kompyuta hutumia kufupisha milinganyo. Kwa karatasi, mimi binafsi huacha kuitumia sakiti ikipita maingizo sita hivi.

Inamfaa mwanafunzi anayetaka kuthibitisha, na fundi mwenye bodi ndogo anayetaka orodha kamili ya mipangilio ili achague ile iliyo rahisi kuiweka kwa swichi.

Ukiwa na kompyuta, mistari michache inahakiki kazi yako:

```python
from itertools import product
for s, x, y, w in product((0, 1), repeat=4):
    nzima = w & ((s & x) | ((1 - s) & y) | (x & y))
    mbovu = w & (0 | ((1 - s) & y) | (x & y))
    if nzima != mbovu:
        print(s, x, y, w)
```

Itachapisha `1 1 0 1` na kunyamaza. Rudisha `s & x` mahali pake, weka 0 badala ya `x & y` kwenye mstari wa `mbovu`, na haitachapisha chochote.

Mbinu ya pili: kufuata njia kwa D

Mwaka 1966 John Paul Roth wa IBM alichapisha njia ya kufikiri sakiti mbili kwa pamoja bila kuandika mlinganyo wowote. Alama `D` husimama kwa waya ambao ni 1 katika sakiti nzima na 0 katika sakiti mbovu. `D'` ni kinyume chake. Kazi inakuwa na hatua tatu: zaa `D` mahali penye hitilafu, isukume mpaka kwenye tokeo, kisha rudi nyuma uhakikishe thamani ulizozitaka zinawezekana kutoka kwenye maingizo.

Kwa `g` iliyokwama kwenye 0, ili kuzaa `D` tunataka `g` iwe 1 katika sakiti nzima, hivyo `s` ni 1 na `x` ni 1. Kusukuma: geti la AU huruhusu `D` ipite ikiwa upande wa pili ni 0, kwa hiyo tunataka `h` iwe 0 kwenye geti la kwanza na `k` iwe 0 kwenye la pili. Geti la NA la mwisho huruhusu ikiwa upande wa pili ni 1, kwa hiyo `w` ni 1. Turudi nyuma. `h` ni 0 tayari kwa sababu `s` ni 1. `k` iwe 0 wakati `x` ni 1, basi `y` ni 0. Tumefika pale pale, na ukiichora kwa penseli juu ya mchoro, ni kazi ya dakika mbili.

Kwa `k` tunataka `x` na `y` ziwe 1, kisha `m1` iwe 0, yaani `g` na `h` zote ziwe 0. `g` ikiwa 0 na `x` ni 1, `s` lazima iwe 0. `h` ikiwa 0 na `y` ni 1, `n` lazima iwe 0, hivyo `s` lazima iwe 1. `s` haiwezi kuwa 0 na 1. Njia ni moja tu kutoka `k` hadi `P`, na imefungwa, kwa hiyo hitilafu haifichuki.

Nimesema njia ni moja, na hilo ndilo lililotuokoa. Waya unapogawanyika kisha matawi yakakutana tena mbele, mambo hubadilika. Chukua `s` yenyewe iliyokwama kwenye 0. Weka `s` kuwa 1 na `D` inatoka matawi mawili: moja inakwenda `g`, nyingine inapita kigeuzi na kuwa `D'` kabla ya kufika `h`. Mwanafunzi akiweka `x` na `y` kuwa 1 akidhani kufungua njia mbili ni bora kuliko moja, geti la AU litapokea `D` na `D'`, nalo litatoa 1 katika sakiti zote mbili. Ishara zimeuana. Akiweka `y` kuwa 0, tawi moja linafungwa, na `D` ya upande wa `g` inafika salama.

Kuna na kinyume chake. Mwaka 1967 Schneider alionyesha sakiti ambamo ukifungua njia moja moja hupati kitu, na hitilafu huonekana tu `D` ikipita njia zaidi ya moja kwa pamoja. Kwa hiyo anayefuata njia moja, ikaziba, akaandika "haifichuki", hajathibitisha lolote mpaka azijaribu njia zote na michanganyiko yake. Mbinu kamili ya Roth hufanya hivyo, na ikiwa mpangilio upo itaupata. Toleo la mkato ambalo wengi wetu tulifundishwa darasani halifanyi hivyo.

Kuhusu vigezo vyetu, kwa kalamu hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Inakupa mpangilio mmoja, au mmoja wenye nafasi wazi unazoweza kuzijaza upendavyo. Ukubwa huuvumilia vizuri, isipokuwa sakiti zenye mageti mengi ya tofauti, yale yanayotoa 1 pale tu maingizo mawili hayafanani. Geti la NA linakwambia wazi, "nipe 0 moja nitulie." Geti la tofauti halina thamani ya namna hiyo, kila mara linakupa chaguo mbili, na kwa kuwa mbinu ya D huweka thamani kwenye nyaya za ndani, mgongano unaweza kugunduliwa umechelewa sana, baada ya kujenga mengi juu yake.

Inamfaa anayetaka kuiona hitilafu ikisafiri, na fundi mwenye mchoro na penseli ambaye sakiti yake haina matawi mengi yanayokutana tena.

Mbinu ya tatu: PODEM

Tatizo hilo la mageti ya tofauti ndilo lililomfanya Prabhu Goel, naye wa IBM, kuitoa PODEM mwaka 1981. Wazo lake ni dogo: usiamue chochote kuhusu waya wa ndani. Amua maingizo tu, moja baada ya jingine, na kila ukiamua, hesabu mbele uone kilichotokea. Waya wa ndani hauwezi kugongana na wenzake, kwa sababu thamani yake imetoka kwenye maingizo yenyewe.

Kwa `g` lengo la kwanza ni `g` kuwa 1. Tunarudi nyuma hadi ingizo lolote linalosaidia, tunaweka `s` kuwa 1. Tunahesabu: `n` ni 0, `h` ni 0. `g` bado haijulikani, tunaweka `x` kuwa 1, na `g` ni `D`. Inapita geti la kwanza la AU na kusimama la pili, ikingoja `k`. Lengo jipya: `k` iwe 0. Ingizo lililo huru ni `y`, tunaweka 0. Mwisho `w` kuwa 1. Maamuzi manne bila kurudi nyuma hata mara moja.

Kwa `k`, ambako mpangilio haupo, tunaweka `x` kuwa 1, kisha `y` kuwa 1, na `k` ni `D`. Sasa tunataka `m1` iwe 0. Jaribu `s` kuwa 0: `h` inakuwa 1, `m` ni 1 kwa zote mbili, `D` imekufa. Rudi, jaribu `s` kuwa 1: `g` inakuwa 1, imekufa tena. Rudi zaidi, `y` kuwa 0: hitilafu haiamki. `x` kuwa 0: haiamki pia. Matawi yameisha. Tumegonga ukuta mara nne, hatukugusa hata `w`, na jibu lina uzito ule ule wa mlinganyo: hakuna mpangilio.

Angalia kilichotokea kwa `s`. Jicho la binadamu liliona mapema kwamba `s` na kinyume chake haziwezi zote kuwa 0. PODEM haikuona. Kwake `g` na `h` zilikuwa "sijui" na "sijui", ikabidi ijaribu. Ndiyo maana kwa kalamu inachosha, na wanafunzi wengi hupotea kwa sababu hawaandiki ni ingizo gani limeshajaribiwa pande zote. Chora mti pembeni, tia alama kila tawi lililokufa.

Kwa kompyuta ni kinyume kabisa. Kinachohitajika ni rundo la maamuzi na uwezo wa kuhesabu mbele, na programu fupi inatosha. Lakini ukubwa una mpaka hata hapa. Ibarra na Sahni walithibitisha mwaka 1975 kwamba tatizo hili, kwa hali mbaya zaidi, ni NP kamili, kwa hiyo hakuna mbinu inayojulikana ambayo ni ya haraka kwa kila sakiti. Programu za kazini huweka kikomo cha kurudi nyuma, na kikifika huandika kwamba zimeiacha hitilafu hiyo. "Imeachwa" si "haifichuki". Ukisoma ripoti, zitenganishe hizo mbili.

Inamfaa anayeandika programu, na yeyote mwenye sakiti ya mageti mamia yenye matawi mengi yanayokutana.

Uchague kwa hali uliyo nayo

Ikiwa unafanya mtihani na sakiti ina mageti yasiyozidi kumi, anza na njia ya D. Ikifunga, usiandike "haifichuki" bado. Hamia kwenye mlinganyo, nao utakupa uthibitisho ambao msahihishaji hawezi kuukataa. Ikiwa swali linataka mipangilio yote, nenda kwenye mlinganyo moja kwa moja.

Ikiwa unaandika programu ya mradi, andika PODEM, uijaribu kwanza kwa sakiti hii ya pampu. Ikikupa mpangilio wowote kwa `k` iliyokwama kwenye 0, kosa liko kwenye hesabu yako ya kwenda mbele, si kwenye sakiti.

Ikiwa una bodi mezani, kumbuka kwamba mbinu zote tatu zinadhani unaona tokeo la mwisho tu. Wewe una mita. Kumbuka pia chipu zako ni za aina gani: kwenye 74LS, pini ya ingizo iliyokatika huelea na kusomeka kama 1, kwa hiyo waya uliokatika huonekana kama umekwama kwenye 1. Kwenye 74HC pini inayoelea haina ahadi yoyote, na dalili zake zitakuchezea.

Na ikiwa hali yako ni kama ya bodi ile ya Ahero, ambapo mipangilio yote 16 inatoa jibu sahihi lakini mwenye bodi anasisitiza kuna kitu hakiko sawa, msikilize. Yule mzee alilalamika kwamba kihesabu kinaongeza mara nyingine kila anapogeuza swichi kutoka boya kwenda mkono, na pampu haijazima. Hakuna mpangilio ambao ungemwonyesha chochote. Tumeshathibitisha mara tatu. Niliweka `x` na `y` kuwa 1, nikagusa kwa mita pini ya 8 ya 7408, mahali `k` inapotokea. Ilikuwa 0. Tone la solda lilikuwa limeishika kwenye mstari wa ardhi.